Herufi Chache, Deni Kubwa: Jinsi Sarufi Inavyobadilisha Maana kati ya Matoleo Mawili ya Mkataba

Katika sura zilizotangulia tulichambua ngeli, virejeshi na mnyambuliko wa vitenzi, kila kimoja peke yake na kwa sentensi fupi zilizotungwa darasani. Katika sehemu hii tutavitazama vikifanya kazi kwa pamoja ndani ya matini moja ambayo watu huiwekea saini na kisha hudaiana kwayo, yaani mkataba. Swali letu ni hili: ikiwa mkataba uleule umepakiwa mtandaoni mara mbili, na toleo la pili linatofautiana na la kwanza kwa maneno machache, tutajuaje kama maana imebadilika, na tutamwelezaje mwanafunzi mabadiliko hayo kwa lugha ya sarufi badala ya kusema tu kwamba "limeandikwa tofauti"?

Tutatumia mkataba wa mfano, tuliouandika kwa ajili ya sura hii. Tumechagua kilimo cha miwa kwa sababu wengi wa wanachuo wetu wanakijua. Mtu atokaye Jinja kuelekea Iganga hupita Kakira akiwa amezungukwa na mashamba ya miwa pande zote mbili, na familia nyingi za Busoga huuza miwa yao kwa viwanda. Mkataba wetu una pande mbili, Mkulima na Mnunuzi. Kitu kinachouzwa kinaitwa Mzigo, maana yake miwa yote inayojaza lori moja. Bei iliyokubaliwa siku ya kutia saini, katika mfano wetu, ni shilingi 100,000 kwa tani, na Mzigo tutakaoufuatilia ni wa tani 10, kwa hiyo thamani yake ni shilingi 1,000,000.

Hivi ndivyo vifungu vinne tutakavyovichunguza vinavyosomeka katika toleo la kwanza:

Kifungu cha 3: Malipo yatafanywa ndani ya siku 14 tangu tarehe ya kupimwa kwa Mzigo.

Kifungu cha 4: Mnunuzi atalipa bei ya Mzigo iliyokubaliwa.

Kifungu cha 5: Mnunuzi atapima Mzigo ndani ya saa 24 baada ya kuupokea.

Kifungu cha 7: Mkulima akichelewesha Mzigo, atakatwa asilimia 2 ya malipo kwa kila siku.

Na hivi ndivyo vinavyosomeka katika toleo la pili:

Kifungu cha 3: Mnunuzi atamlipa Mkulima katika muda usiozidi siku 14 kuanzia tarehe ambayo Mzigo ulipimwa.

Kifungu cha 4: Mnunuzi atalipa bei ya Mzigo uliokubaliwa.

Kifungu cha 5: Mnunuzi anaweza kupima Mzigo ndani ya saa 24 baada ya kuupokea.

Kifungu cha 7: Mzigo ukichelewa, Mkulima atakatwa asilimia 2 ya malipo kwa kila siku.

Kompyuta inaona nini

Hatua ya kwanza ni kuyaweka matoleo mawili ubavu kwa ubavu. Programu ya Microsoft Word inaweza kutusaidia: tukibonyeza `Review`, kisha `Compare`, tutapata hati ya tatu ambamo maneno yaliyoondolewa yamepigwa mstari na yaliyoongezwa yametiwa rangi. Kazi hiyo ni ya thamani, kwa kuwa jicho la msomaji aliyeusoma mkataba mara moja huruka maneno ambayo linadhani linayajua.

Hata hivyo, rangi hizo zinapima tofauti ya maandishi tu. Tukilinganisha vifungu vyetu, kifungu cha 3 kitakuwa chekundu karibu chote, ilhali katika kifungu cha 4 ni neno moja tu litakalotiwa alama. Msomaji asiyejua sarufi atatumia muda wake mwingi kwenye kifungu cha 3, kumbe maneno yake mengi mapya yanasema karibu jambo lilelile. "Ndani ya siku 14" na "katika muda usiozidi siku 14" zina kikomo kimoja. "Tarehe ya kupimwa" na "tarehe ambayo Mzigo ulipimwa" zinaitaja siku moja. Toleo la pili hata limeongeza uwazi, kwa sababu kitenzi cha kutendwa "yatafanywa" hakikumtaja mtenda, na "atamlipa" kinamtaja mlipaji pamoja na mlipwaji. Kifungu hiki tukiweke kando kwa sasa, tutakirudia baadaye.

Tatizo la pili la kompyuta linahusu umbo la Kiswahili chenyewe. Neno letu moja hubeba mofimu nyingi. Programu ikilinganisha kwa kipimo cha `Word level`, italipiga mstari neno zima "iliyokubaliwa" na kuliingiza neno zima "uliokubaliwa", kana kwamba kitendo cha kukubali kimefutwa na kingine kimeletwa. Tukichagua `Character level`, itatuonyesha vipande vya herufi, na vipande hivyo si lazima vilingane na mofimu: huenda ikaitia alama herufi "y" peke yake, ingawa katika sarufi "y" haisimami pasipo "o" iliyo nayo. Kwa hiyo mgawanyo wa mofimu hubaki kuwa kazi yetu wenyewe.

Kifungu cha 4: kirejeshi kinamrejelea nani?

Tuyagawanye maneno mawili:

i-li-yo-kubali-w-a

u-li-o-kubali-w-a

Mzizi ni uleule, -kubali-. Kiambishi cha kutendwa -w- ni kilekile, na wakati uliopita -li- haujaguswa. Kilichobadilika ni upatanisho. Katika neno la kwanza, kiambishi awali i- na kirejeshi -yo- vinapatana na nomino ya ngeli ya I-ZI katika umoja, nayo ni "bei". Katika neno la pili, u- na -o- vinapatana na nomino ya ngeli ya U-I katika umoja, nayo ni "Mzigo". Toleo la kwanza linasema kwamba bei ndiyo iliyokubaliwa. Toleo la pili linasema kwamba mzigo ndio uliokubaliwa.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza, bei imepoteza sifa yake. Hakuna tena neno linalosema kwamba bei itakayolipwa ni ile ya makubaliano, hivyo Mnunuzi anaweza kudai kwamba "bei ya Mzigo" ni bei ya soko ya siku ya malipo, hata kama imeshuka hadi shilingi 70,000 kwa tani. Mkulima wetu aliyetarajia shilingi 1,000,000 atapewa 700,000. La pili, malipo yamepata sharti ambalo halikuwapo. Bei inalipwa kwa Mzigo uliokubaliwa. Basi, ule uliokataliwa haulipiwi. Tena, kwa kuwa kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa bila kumtaja mtenda, kifungu hakisemi umekubaliwa na nani wala kwa kipimo gani. Anayeupokea mzigo kiwandani ndiye atakayejiona kuwa mwamuzi.

Hapa tuwape wanafunzi wetu swali la nyongeza. Tuseme aliyeandika toleo la pili asingeligusa neno "iliyokubaliwa", bali angeubadilisha umoja kuwa wingi: "bei ya Mizigo iliyokubaliwa". Kirejeshi sasa kinapatana na nini? Wingi wa ngeli ya U-I huchukua i- na -yo-, sawasawa na umoja wa ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo "iliyokubaliwa" inaweza kuirejelea bei, na inaweza kuirejelea mizigo. Utata umeingia bila kitenzi kubadilishwa hata herufi moja. Utata huohuo umo katika "bei ya miwa iliyokubaliwa", kirai ambacho mtu anaweza kukiandika kwa nia njema kabisa. Dawa yake ni kukiweka kirejeshi jirani na nomino yake: "bei iliyokubaliwa ya miwa". Katika mpangilio huo hakuna njia ya kukiambatisha na "miwa".

Wanachuo wanaozungumza Kisoga au Kigisu nyumbani hawahitaji kufundishwa upya kwamba nomino hutawala upatanisho, kwa kuwa lugha zao nazo ni za Kibantu na zina ngeli. Wanachohitaji ni mazoea ya kuuliza, kila wanapokutana na kirejeshi katika mkataba: ni nomino ngapi zilizotangulia zinazoweza kupatana nacho? Ikiwa jibu ni moja, maana imefungwa. Ikiwa ni mbili, ugomvi umeachiwa mlango.

Kifungu cha 5: kutoka wajibu hadi ruhusa

Katika kifungu cha 5, "atapima" imekuwa "anaweza kupima". Kiambishi -ta- tumezoea kukiita alama ya wakati ujao, na katika masimulizi ndivyo kilivyo. Lakini katika mkataba "atapima" si utabiri wa jambo litakalotokea. Ni wajibu ambao mtu amejitwisha. Kitenzi kisaidizi -weza, kwa upande wake, kinaeleza uwezo au ruhusa, na mwenye ruhusa si lazima aitumie.

Kuna jaribio rahisi la kuonyesha tofauti hiyo darasani. Tuongeze mwishoni mwa sentensi maneno "na pia anaweza asipime". Toleo la kwanza litakataa: "Mnunuzi atapima Mzigo, na pia anaweza asipime" ni kauli inayojipinga. Toleo la pili litakubali: "Mnunuzi anaweza kupima Mzigo, na pia anaweza asipime" ni sentensi isiyo na kasoro. Pale ambapo nyongeza hiyo inakubalika, wajibu haupo.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Tarehe 2 Mei 1889, katika kijiji cha Wuchale nchini Ethiopia, Mfalme Menelik wa Pili alitia saini mkataba na Italia, iliyowakilishwa na Pietro Antonelli. Mkataba uliandikwa katika lugha mbili, Kiamhari na Kiitalia. Katika kifungu cha 17 cha maandishi ya Kiamhari, mfalme wa Ethiopia aliweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na dola nyingine, kama akipenda. Katika maandishi ya Kiitalia, mfalme alikubali kuitumia serikali hiyo, na Italia ilikisoma kifungu hicho kuwa ni wajibu. Kwa msingi huo iliyatangazia mataifa ya Ulaya kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik alipinga, na mwaka 1893 akautangua mkataba. Vita vilivyofuata vilifikia kilele katika mapigano ya Adwa tarehe 1 Machi 1896, ambako jeshi la Italia lilishindwa. Na katika mkataba wa Addis Ababa wa tarehe 26 Oktoba 1896, Italia ilikubali kwamba mkataba wa Wuchale umefutwa na kwamba Ethiopia ni nchi huru.

Jambo la kuzingatia kwa mwalimu wa lugha ni kwamba kifungu cha 19 cha mkataba huohuo kilisema maandishi ya lugha zote mbili yanalingana kabisa na yana nguvu sawa. Tamko hilo halikuyafanya yalingane. Vivyo hivyo, faili mbili zinaweza kubeba jina moja, kichwa kimoja na tarehe moja, lakini usawa wao hauthibitishwi na jalada. Unathibitishwa kwa kusoma kitenzi kimoja baada ya kingine.

Kifungu cha 7: ni nani aliyesababisha?

Katika kifungu cha 7, "Mkulima akichelewesha Mzigo" imekuwa "Mzigo ukichelewa". Kiambishi cha masharti -ki- kimo katika matoleo yote mawili, na adhabu haijabadilika. Kilichoondoka ni kiambishi cha kutendesha. Chelew-esh-a kina mofimu -esh-, inayodai mtu au kitu kilichosababisha. Na kiima cha kitenzi, a-, kinamtaja msababishaji kuwa ni Mkulima. Chelew-a hakina mofimu hiyo. Mzigo ndio unaochelewa, na sababu haiulizwi.

Tuone maana yake kwa hesabu. Mkulima amekata miwa siku waliyopatana, na ameipanga kando ya njia. Lori ni la Mnunuzi, nalo limekwama matopeni, likafika baada ya siku tatu. Chini ya toleo la kwanza, adhabu haipo, kwa sababu si Mkulima aliyeuchelewesha Mzigo. Chini ya toleo la pili, sharti limetimia: Mzigo umechelewa. Mkulima atakatwa asilimia 2 mara siku tatu, yaani shilingi 60,000 kutoka katika shilingi 1,000,000. Tena miwa ikishakatwa hukauka na kupungua uzito kadiri inavyokaa, kwa hiyo hasara ya lori lililokwama inamwangukia mara mbili.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, toleo la pili limemdanganya mtu? Sarufi haijibu swali hilo. Huenda mwandishi aliona "Mzigo ukichelewa" ni fupi na nyepesi zaidi, akaichagua kwa ajili ya mtindo. Tunachoweza kukisema kwa yakini ni kwamba toleo la kwanza linataka kuthibitishwa kwa mambo mawili, ucheleweshaji na mcheleweshaji, na la pili linataka kuthibitishwa kwa jambo moja tu. Maelezo ya mwalimu yakomee hapo. Nia ya mwandishi ni ya kutafutwa kwa ushahidi mwingine.

Kifungu cha 3 tena: maana iliyobadilika bila kuguswa

Sasa turudi kwenye kifungu tulichokiweka kando. Tulisema kwamba maneno yake mapya hayakubadilisha kikomo cha siku 14, na hilo ni kweli tukikisoma peke yake. Lakini siku hizo huanza kuhesabiwa lini? Tangu Mzigo unapopimwa. Katika toleo la kwanza kupima ni wajibu wa saa 24, kwa hiyo Mkulima anaweza kuhesabu: saa 24 za kupima, kisha siku 14, fedha mkononi. Katika toleo la pili kupima ni hiari. Mzigo usipopimwa, siku ya kwanza kati ya zile 14 haifiki, na malipo hayawezi kusemwa kuwa yamechelewa.

Hivyo kifungu cha 3 kimebadilika maana kwa sababu ya kitenzi kilicho katika kifungu cha 5. Hata kama maneno yake yangeachwa vilevile kabisa, bila doa la rangi kwenye kioo cha kompyuta, mabadiliko hayo yangekuwapo. Hapo ndipo ulinganishaji wa maandishi unapofikia mwisho wa uwezo wake. Ili kuligundua jambo hili, ni lazima tuchukue kila neno lililobadilika na kulitafuta, pamoja na nomino na vitenzi vyenye mzizi huohuo, katika mkataba mzima. Mzizi -pim- umo katika "atapima", "kupimwa" na "ulipimwa". Ndio uzi unaoviunganisha vifungu viwili vilivyo mbali.

Namna ya kuandika maelezo

Mwanafunzi akishauona ugeuzi, aueleze kwa mpangilio ufuatao. Kwanza anakili maneno ya matoleo yote mawili bila kuyafupisha. Pili, ayagawanye maneno yaliyobadilika katika mofimu na ataje mofimu iliyoondoka, iliyoingia au iliyobadilishwa. Tatu, aseme kwa sentensi moja kile ambacho kila toleo linamtaka kila upande ufanye. Nne, atoe hali moja, kama ile ya lori lililokwama, ambayo matoleo mawili yangeiamua tofauti. Akishindwa kuipata hali ya namna hiyo, basi huenda kilichobadilika ni mtindo tu, kama tulivyoona tulipokisoma kifungu cha 3 peke yake. Mwisho, aonyeshe vifungu vingine vilivyoguswa kwa mbali.

Asisahau pia kutaja ni toleo lipi analoliita la kwanza, na kwa nini. Tarehe ya kupakiwa inaeleza faili iliwekwa mtandaoni lini tu. Toleo linalowafunga watu ni lile walilolitia saini, nalo laweza kuwa lilipakiwa mapema au baadaye.

Zoezi

1. Eleza tofauti ya maana kati ya "Mnunuzi hatalipa Mizigo yote iliyochelewa" na "Si Mizigo yote iliyochelewa ambayo Mnunuzi atailipa". Ni sentensi ipi yenye utata, na utata huo unatokana na nini?

2. Kirai "karo ya nyumba iliyopunguzwa" kina utata. Taja nomino mbili zinazoweza kupatana na kirejeshi, kisha kiandike upya mara mbili ili kila maana isimame peke yake.

3. Toleo la kwanza la mkataba wa pango linasema: "Mpangaji akivunja kioo, atalipa." La pili linasema: "Kioo kikivunjika, mpangaji atalipa." Changanua vitenzi viwili vya masharti katika mofimu, kisha utoe hali moja ambamo mpangaji hadaiwi chini ya toleo la kwanza lakini anadaiwa chini ya la pili.

4. Andika upya kifungu cha 4 na cha 5 cha mkataba wetu wa mfano kwa namna ambayo bei, wajibu wa kupima na mwenye kuukubali Mzigo vitajulikana bila shaka.